Imeandaliwa na Nani?

Chini ya ukurasa wa kwanza wa taarifa nyingi za ofisini huwa kuna mistari mitatu ya herufi ndogo: Imeandaliwa na, Imepitiwa na, Imeidhinishwa na. Wasomaji wengi huiruka. Lakini anayefanya kazi chini ya meneja mwenye tabia ya kujitwalia sifa za wenzake hana budi kuijua vizuri, maana ugomvi wake na bosi unaweza kumalizwa hapo bila mtu yeyote kupandisha sauti.

Nitaeleza kwa mfano mmoja. Mhusika wake nimemtunga na tarakimu zake ni za mfano, ila mambo yanayomkuta ni yale yale yanayowakuta wafanyakazi wengi, na hatua anazozichukua zinafaa popote palipo na bosi, kompyuta na kikao cha kila robo mwaka.

Ni ofisa wa stoo katika kampuni inayouza dawa kwa jumla jijini Dar es Salaam. Kampuni imekuwa ikipoteza fedha kwa dawa zinazoisha muda zikiwa rafuni, na chanzo hakikuwa uzembe mkubwa. Mzigo mpya ukifika hupangwa mbele kwa kuwa ndiko kwenye nafasi. Oda ikija, vijana wa stoo huchukua kilicho karibu. Katoni za nyuma zenye tarehe fupi hubaki hapo mpaka siku ya kuhesabu mali, na siku hiyo huwa zimeshachelewa. Dawa iliyoisha muda haitupwi jalalani. Hutengwa, huorodheshwa na kuteketezwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa gharama za mwenye mali. Kwa hiyo kampuni hupoteza bei ya kununulia, kisha hulipa tena ili kuiteketeza.

Ofisa huyu aliunda jedwali la Ekseli lenye kila bechi na tarehe yake ya mwisho. Bechi iliyobakiza chini ya miezi mitatu aliipaka rangi nyekundu, na ya kati ya miezi mitatu na sita akaipaka njano. Kila Jumatatu asubuhi alichapisha orodha ya bechi zinazopaswa kutoka kwanza, akaibandika mlangoni mwa stoo. Jumamosi kadhaa alishinda na vijana wakizihamisha katoni za nyuma kuzileta mbele. Akakubaliana na watu wa mauzo kwamba dawa zenye rangi ya njano zipelekwe kwanza kwa wateja wanaozimaliza haraka. Hasara iliyokuwa shilingi milioni 18 kwa robo mwaka ikashuka hadi milioni 7.

Kikao cha menejimenti kilipokaa, yeye hakuwamo. Jioni yake rafiki yake wa uhasibu akamtumia picha ya slaidi ya tatu: "Mfumo mpya wa kudhibiti dawa zinazoisha muda: ubunifu wa Meneja wa Ghala." Jedwali ni lake, hata rangi zake hazikubadilishwa. Jina lake halipo popote.

Kwanza, pima ulichonyang'anywa

Kabla ya kuchukua hatua yoyote, ofisa wetu anapaswa kujiuliza kama hili ni wizi wa sifa au ni desturi ya kazi iliyomuumiza. Haya mawili hufanana sana kwa mtu aliye chini, na asiyeyatenganisha hupigana vita asivyoweza kuvishinda.

Katika ofisi za umma nchini Tanzania, barua inayotoka nje husainiwa na mkuu wa taasisi, au na mwingine anayeweka "k.n.y." mbele ya cheo cha mkuu huyo. Aliyekesha akiiandika hatajwi, wala hakuna anayemwita mkuu mwizi. Lakini utaratibu huohuo wa zamani ulikuwa na upande wa pili ambao leo unasahaulika. Ndani ya jalada, mawazo yalipanda kwa dokezo: ofisa anaandika hoja yake, anaweka saini, cheo na tarehe, mkubwa wake anaongeza maoni chini yake naye anasaini, na kila karatasi inapewa namba ya folio na kutunzwa masjala. Nje ilionekana sauti moja. Ndani, aliyetaka kujua wazo lilianzia kwa nani alifungua jalada akaona.

Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya malalamiko ya siku hizi inatokana na kupotea kwa upande huo wa ndani. Kazi inaagizwa kwa mdomo kwenye korido, inakabidhiwa kwa WhatsApp, na inaingia kikaoni ikiwa slaidi isiyo na historia. Muhtasari wa kikao nao huandika aliyewasilisha: "Meneja wa Ghala aliwasilisha mfumo mpya." Katibu hakukosea, ameandika alichokiona. Baada ya mwaka mmoja, maandishi pekee yanayobaki kuhusu kazi hiyo ni sentensi hiyo.

Kwa hiyo meneja anayesimama na kusema "idara yetu imepunguza hasara" amefanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Anayeandika "ubunifu wa Meneja wa Ghala" juu ya jedwali la mtu mwingine amevuka mpaka. Kuna dalili mbili zinazothibitisha kwamba mpaka umevukwa. Ya kwanza ni jina lililokuwepo likaondolewa: ulimpa hati yenye jina lako, ikatoka bila jina. Ya pili ni sifa iliyoambatana na faida, yaani bonasi, cheo, safari ya mafunzo, au nafasi ya kuusimamia mradi uleule ukipanuliwa. Pasipo dalili yoyote kati ya hizo, pengine jambo lenyewe linahitaji ombi dogo tu, si malalamiko.

Haki nyingine ya kuitambua mapema ni kwamba jedwali lenyewe si lako kwa maana ya mali. Kazi uliyoifanya ndani ya ajira, kwa muda na vifaa vya mwajiri, kwa kawaida ni ya mwajiri kuitumia apendavyo, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Unachodai ni kutambuliwa kwamba uliifanya. Mtu anayeingia ofisini mwa bosi akisema "mmetumia jedwali langu" ameanza vibaya. Anayesema "ningeomba kazi hii ionekane imeandaliwa na nani" amesimama mahali pagumu kusukumwa.

Kumbukumbu alizonazo, na anazozikosa

Tuangalie ofisa wetu ana nini mkononi. Ana faili linaloitwa stoo_mpya_final2.xlsx, lisilo na jina la mtu ndani yake. Ana mazungumzo ya WhatsApp ambamo yeye anasema, "Bosi nimetuma ile kitu," na meneja anajibu, "Safi." Hivyo tu.

Udhaifu wa mazungumzo hayo hautokani na WhatsApp yenyewe. Ni kweli ujumbe unaweza kufutwa, na mwenzako akiwa amewasha kipengele cha ujumbe kutoweka, unapotea wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Lakini hata ukibaki, "ile kitu" haimwambii msomaji wa kesho kitu gani kilitumwa. Kumbukumbu nzuri ni ile inayoeleweka na mtu ambaye hakuwapo.

Wapo wanaotegemea taarifa zilizofichika ndani ya faili. Kwenye Word au Ekseli ukifungua File kisha Info utaona Author na Last Modified By. Zinasaidia kidogo, lakini huonyesha jina lililosajiliwa kwenye programu, ambalo linaweza kuwa la aliyetumia kompyuta hiyo kabla yako, na mtu yeyote anaweza kulibadilisha. Google Docs na Google Sheets zina nguvu zaidi: ukifungua Version history unaona nani aliandika nini na saa ngapi. Tatizo ni kwamba meneja akitengeneza nakala, nakala hiyo huanza historia mpya chini ya jina lake. Historia yako inabaki kwenye faili la kwanza, kwa hiyo usilifute, na usihamishie kazi yako yote kwenye nakala ya bosi.

Kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote ni barua pepe ya kazini, fupi, inayoandikwa kwa sababu ya kazi yenyewe. Ziko za aina tatu, nazo hufuata mwendo wa kazi. Ya kwanza huandikwa siku unayopewa agizo kwa mdomo:

"Bosi, habari za asubuhi. Kama tulivyozungumza leo, nitaandaa jedwali la bechi zote na tarehe zake za mwisho, na nitakuletea rasimu Ijumaa. Nitaanza na rafu za dawa za malaria kwa kuwa ndizo zilizoleta hasara zaidi robo iliyopita. Kama kuna la kubadilisha, naomba uniambie."

Barua hii ina kazi halali. Inamzuia meneja asije akasema hakuagiza hivyo, na inampa nafasi ya kurekebisha mapema. Kwamba inaonyesha pia nani alibuni kuanza na dawa za malaria ni jambo linalokuja lenyewe. Ya pili ni ya maendeleo, na haina haja ya kuzidi mistari minne. Ya tatu ni ya kukabidhi, ambayo huambatana na hati yenye ile mistari mitatu chini ya ukurasa wa kwanza: Imeandaliwa na, jina lako na cheo, Imepitiwa na, jina la meneja, kisha tarehe.

Hapo kwenye Imepitiwa ndipo penye siri ya utulivu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: meneja huyo pengine ndiye aliyekupa ruhusa ya Jumamosi, aliyewatuliza watu wa mauzo walipolalamika, aliyeidhinisha malipo ya vibarua. Ukimwekea nafasi yake kwa jina, humpi sababu ya kuitafuta kwako. Nina hakika mameneja wengi wanaojitwalia sifa hufanya hivyo kwa kuogopa kwamba wao wenyewe hawataonekana wamefanya lolote. Hati inayowaonyesha mahali pao halisi hupunguza hofu hiyo.

Pamoja na barua pepe, ofisa wetu anahitaji daftari lake mwenyewe. Si la malalamiko, bali la kazi: tarehe, kilichofanyika, nani alikuwepo, tarakimu. Ukurasa mmoja ungesomeka hivi: "Jumanne, 4 Machi 2025. Nimemaliza kuingiza bechi za rafu A hadi D. Bechi 31 ziko nyekundu. Mchana nimemwonyesha meneja jedwali kwenye kompyuta yangu, amekubali orodha ianze kubandikwa Jumatatu." Hakuna neno la hasira hapo. Miezi sita baadaye, mtu anayesoma ukurasa huo anaona mwandishi aliyekuwa kazini, na huamini zaidi maandishi ya namna hiyo kuliko kurasa kumi za kusema nilidhulumiwa.

Je, kwa kazi iliyokwisha kufanyika bila kumbukumbu? Kishawishi kikubwa ni kuandika barua leo na kuifanya ionekane ya zamani, au kuingiza jina kwenye faili kisha kudai lilikuwepo siku zote. Usifanye hivyo kamwe. Likigundulika, na mtu wa TEHAMA huligundua haraka, mwenye haki anageuka mghushi na habari inaishia hapo. Kusanya kilichopo kwa tarehe zake za kweli: orodha za Jumatatu zilizobanduliwa mlangoni, ujumbe kwa watu wa mauzo, fomu ya kazi ya ziada ya Jumamosi yenye saini. Vitu vidogo vilivyozagaa vikipangwa kwa tarehe husimulia vizuri kuliko mtu anavyodhani. Kisha andika barua ya leo yenye tarehe ya leo: "Naambatanisha maelezo ya jinsi jedwali linavyofanya kazi, ili robo ijayo tuendelee nalo."

Kuna mipaka ya kuzingatia. Usijitumie mafaili ya kampuni kwenye barua pepe yako binafsi. Kanuni za kampuni nyingi zinakataza, na faili likiwa na majina na simu za wateja unaweza kugusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Daftari lako lenye tarehe na tarakimu zako za kazi linatosha, nalo pia liandike bila bei za siri wala majina ya wateja. Usimrekodi bosi kwa siri. Na usianze ghafla kumwekea mkurugenzi nakala ya kila barua unayomwandikia meneja; kila mtu ofisini anaijua maana yake. Nakala ipeleke kwa wale ambao kazi inawahusu kweli. Kwa ofisa wetu ni mhasibu anayekokotoa hasara na kiongozi wa mauzo. Hao wawili wakipokea barua ya kukabidhi kila robo, tayari watu wawili zaidi wanajua.

Dakika ishirini ofisini kwa meneja

Mazungumzo hayafanyiki siku ileile picha ya slaidi inapofika. Hayafanyiki kwenye kundi la WhatsApp la idara, wala mbele ya vijana wa stoo, wala dakika tano kabla ya bosi kuondoka. Siku mbili au tatu zinatosha hasira kushuka na kumbukumbu kubaki mbichi. Wiki sita ni nyingi mno. Bosi atashangaa kwa nini umelibeba jambo muda wote huo.

Kabla ya hapo kuna kikwazo kimoja: picha ilitoka kwa rafiki wa uhasibu, ambaye hakupaswa kuituma. Kuitaja ni kumchoma. Njia safi ni kuomba wasilisho kutoka kwa meneja mwenyewe: "Bosi, naomba nakala ya wasilisho la kikao, nioanishe tarakimu za robo ijayo na zile zilizowasilishwa." Ni ombi la kweli, kwa sababu tarakimu lazima zioane. Akituma, slaidi imefika mikononi mwako kwa njia halali. Akikataa kutuma, hilo nalo ni jibu, na mazungumzo yatahusu robo ijayo badala ya slaidi.

Tuseme ametuma. Ofisa wetu anaomba dakika ishirini, anaingia na karatasi moja tu.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba, dada. Karibu ukae."

"Asante kwa kunitumia wasilisho. Nimefurahi menejimenti imeiona kazi ya stoo. Nina jambo moja kuhusu slaidi ya tatu. Imeandikwa kuwa mfumo ni ubunifu wako. Jedwali lile nililibuni na kuliunda mimi kuanzia Februari, na wewe ukaniruhusu na kunisaidia kwa watu wa mauzo. Nilitaka nikuulize kwanza, ilikuwaje ikaandikwa hivyo?"

Kisha ananyamaza. Kunyamaza hapo ni kugumu kuliko sentensi zote zilizotangulia, na wengi hulijaza pengo kwa kuomba radhi au kuongeza lawama. Tazama alichokiacha nje. Hakusema "umeniibia." Hakusema "siku zote unafanya hivi." Hakutaja watu wengine wanaosema nini. Ametaja slaidi moja, sentensi moja na mwezi mmoja, kisha ameuliza swali ambalo kweli hajui jibu lake. Inawezekana meneja alimtaja kwa mdomo kikaoni. Inawezekana slaidi ilitengenezwa na mtu mwingine usiku wa manane. Anayeingia na hukumu mkononi hatalisikia hata jibu la kweli likitolewa.

Majibu ya meneja kwa kawaida huangukia sehemu chache. La kwanza: "Aa, ilikuwa haraka tu, sikuliwaza." Jibu hili likubali bila kulichimbua, hata kama huliamini, kwa kuwa linafungua mlango wa unachokitaka. "Nimekuelewa, bosi. Basi naomba mambo mawili. Hati ya robo ijayo iwe na sehemu ya Imeandaliwa na Imepitiwa, nimeiweka kwenye karatasi hii uione. Na kama itafaa, niingie kikaoni dakika tano nieleze jedwali, wewe uendelee na mengine."

Ombi hilo la pili lina thamani kuliko la kwanza. Mwenye kazi hujulikana kwenye maswali. Mkurugenzi wa fedha akiuliza kwa nini bechi za dawa za watoto bado ziko nyekundu, aliyezihamisha kwa mikono yake atajibu papo hapo, na hakuna slaidi inayoweza kuyafuta majibu hayo vichwani mwa waliokuwepo.

Jibu la pili: "Kazi yote ya idara hii ni jukumu langu. Ikiharibika ninaulizwa mimi." Ni hoja yenye ukweli ndani yake, na kuipinga moja kwa moja ni kosa. Ikubali, kisha itenganishe: "Ni kweli bosi, jukumu ni lako na sibishani na hilo. Ninachoomba ni rekodi ya nani aliandaa. Hata kikiharibika kitu kwenye jedwali, itakuwa rahisi kujua nani aulizwe." Mameneja wengi hawajawahi kuliangalia upande huo, kwamba jina kwenye hati humfunga pia mwenye jina.

Jibu la tatu ni hasira: "Kwa hiyo unaniita mwizi?" Hapo lengo la siku hiyo limebadilika. Halipatikani tena makubaliano, linalowezekana ni kutoka bila kuharibu zaidi. "Hapana bosi, na samahani kama nimesikika hivyo. Nimeleta jambo la slaidi tu. Naomba tulizungumze siku nyingine ukipata nafasi." Akatoka. Samahani hiyo ni ya jinsi maneno yalivyosikika. Hajafuta hoja, wala hajasema kazi haikuwa yake.

Siku hiyohiyo, vyovyote yalivyokwenda, anaandika barua fupi: "Asante kwa muda wako leo. Nimeelewa kwamba hati ya robo ijayo itakuwa na majina ya walioandaa na kupitia, na kwamba utaangalia uwezekano wa mimi kuingia kikaoni. Rasimu nitaileta tarehe 20." Kama hakukuwa na makubaliano, anaandika alichokiomba, basi. Kama meneja ana maoni tofauti ya kilichokubaliwa, atajibu. Asipojibu, barua imebaki.

Yasipobadilika

Robo ijayo ndiyo itakayosema. Jina likionekana, hata kama ni kwa herufi ndogo na meneja ameendelea kusema "nilianzisha" kwa mdomo, mimi ningeliacha. Mtu anayepigania kila sentensi ya bosi wake huchoka kabla ya bosi.

Likiondolewa tena kwenye hati uliyolitia, sasa ni mwenendo, nao una tarehe mbili. Mahali pa kwanza pa kuupeleka ni tathmini ya utendaji. Watumishi wa umma Tanzania walioanza kutumia mfumo wa PEPMIS tangu mwaka wa fedha 2023/24, badala ya fomu za OPRAS, huingiza wenyewe majukumu na utekelezaji wao kabla msimamizi hajathibitisha, kwa hiyo asiyeingiza kazi yake kwa kuona uvivu anamwachia mwingine nafasi. Kampuni binafsi nyingi zina fomu yenye sehemu ya maelezo ya mfanyakazi. Andika hapo kwa tarakimu: "Niliunda na kusimamia jedwali la bechi, hasara ya dawa zilizoisha muda imeshuka kutoka milioni 18 hadi milioni 7 kwa robo." Anayekupima ni meneja yuleyule, hilo linajulikana. Lakini kukanusha kwa maandishi jambo ambalo mhasibu na mtu wa mauzo wanalo kwenye barua pepe zao ni vigumu kuliko kunyamaza kikaoni.

Kwenda kwa ofisa rasilimali watu kunafaa pale sifa ilipogeuka maslahi: bonasi ya ubunifu imetolewa, nafasi imetangazwa. Nenda na ukurasa mmoja wenye tarehe, kilichofanyika na unachoomba, na barua mbili au tatu nyuma yake. Usiombe meneja aadhibiwe. Omba rekodi irekebishwe au uzingatiwe kwenye nafasi hiyo. Tegemea pia kwamba ofisa huyo ataisema habari kwa meneja. Ni kazi yake kuwasikia wote wawili.

Sheria haina msaada mkubwa kwenye sifa peke yake. Bosi kusema "nimebuni" si kosa la kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mambo hubadilika kama baada ya kulalamika umeachishwa kazi, au umekatwa stahili zilizomo kwenye mkataba. Hapo saa inaanza kuhesabu: mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki zao kwa kusubiri mazungumzo ya mdomo yasiyo na mwisho huku siku hizo zikipita. Watumishi wa umma wana ngazi zao za rufaa, nao hutakiwa kuzipitia kwanza.

Na wapo watakaoamua kuondoka, na sioni aibu ndani yake. Kuna mameneja ambao hakuna hati wala upole utakaowabadilisha, na maisha ya kazi si marefu kiasi cha kuyamaliza kumfundisha mtu mmoja. Anayeondoka ajue kwamba cheti cha utumishi anachopewa na mwajiri hueleza alifanya kazi lini na kwa wadhifa gani, hakitataja jedwali la bechi wala milioni zilizookolewa. Barua inayotaja hayo inabidi iombwe, na iombwe kabla ya kukabidhi ofisi, kwa mtu aliyeipokea kazi yenyewe: mhasibu aliyekuwa akiziona tarakimu zikishuka kila robo, au kiongozi wa mauzo aliyekuwa akipokea orodha ya njano kila Jumatatu.